Nilimpa mwenye nyumba tarehe mbili

Swali la wiki: Mshahara wa serikali umechelewa na kodi ya nyumba imefika. Mwenye nyumba utamwambia nini, na hiyo tarehe ya kulipa utaitoa wapi?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwonyesha hati ya mshahara.

Nafanya kazi maabara, katika hospitali ya kaunti huku Pwani. Kaunti siitaji, kazi bado naihitaji. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili kwa Sh13,000 kwa mwezi, na kodi hulipwa kabla ya tarehe 5. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayekaa hapo hapo kwenye ploti, mlango wa mbele. Kumkwepa basi haiwezekani, ukitoka kwenda kazini asubuhi lazima umwamkie.

Mwaka mmoja Julai iliisha bila mshahara. Tarehe 3 Agosti nikaingia kwenye mfumo wa kompyuta, nikaona hati yangu ya Julai imeshapanda: jina, namba ya kazi, makato yote, na chini kabisa Sh41,300 za kupeleka nyumbani. Nikafurahi. Nikampelekea Mama simu aone kwa macho yake kwamba pesa ziko njiani. Akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hapa si wameandika umelipwa?"

Sikuwa na jibu. Machoni pake nilikuwa mtu aliyelipwa anayetaka kumzungusha. Niliongeza kosa la pili papo hapo: nikamwambia "kesho kutwa, Mama". Kesho kutwa ikafika, ikapita.

Hati ile haisemi kwamba umelipwa. Inasema hesabu ya mishahara imefungwa, yaani karani ameshapiga jumla ya nani anadai nini. Pesa za kulipia hesabu hiyo zinakuja kwa njia nyingine kabisa, na hesabu inaweza kukaa tayari wiki tatu ikisubiri. Watumishi wengi wa kaunti wanalijua hili kwa uchungu, lakini ukimwonyesha mtu wa nje karatasi yenye jumla, yeye anaona jumla.

Tarehe 6 nilimwendea mwenzetu wa chama cha wafanyakazi, mtu ambaye ameyazoea mambo ya ofisi ya fedha, nikamwomba anieleze pesa zinapita wapi. Alinichorea nyuma ya fomu ya maabara. Seneti hupitisha ratiba ya kugawia kaunti fedha. Hazina ya Taifa hutuma mgao wa mwezi kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambao akaunti yake iko Benki Kuu. Hapo pesa ni za kaunti, lakini kaunti haiwezi kuzigusa. Lazima ofisi ya fedha ya kaunti iandike ombi kwa Msimamizi wa Bajeti, ambaye kwa Katiba ndiye anayeidhinisha pesa kutolewa kwenye mfuko huo. Akikubali, Benki Kuu inazihamisha kwenye akaunti ya matumizi ya kawaida ya kaunti, na kutoka hapo ndipo mishahara inapotumwa kwenye benki zetu.

Kisha akanieleza kwa nini ni Julai, kila mara ni Julai. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwa kawaida, kabla Msimamizi wa Bajeti hajaidhinisha pesa, bajeti mpya ya kaunti iwe imepitishwa na bunge la kaunti, na sheria za kugawa mapato baina ya serikali kuu na kaunti ziwe zimekamilika. Moja ikikwama, pesa zinachelewa. Mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa walivutana juu ya mgao mpaka sheria ya ugavi wa mapato ikatiwa saini Septemba, wakati mwaka wa fedha umeshakula miezi miwili na zaidi. Kwa hiyo mshahara wa Julai ndio wa hatari kuliko yote, na kodi ya Agosti ndiyo inayougua.

Hapo nikaelewa kwamba tarehe haiokotwi hewani, na wala haitoki kwa wenzako kwenye kundi la simu, ambako kila jioni kuna mtu "amesikia" ni kesho. Unauliza swali moja tu: pesa zimefika hatua gani? Kama mgao haujaingia kwenye Mfuko wa Mapato, usitaje tarehe ya kulipa hata kidogo, maana hapo hakuna ajuaye. Kama mgao umeingia na ombi limekwenda kwa Msimamizi wa Bajeti, unaweza kuanza kuhesabu. Kama Benki Kuu imeshahamisha, ni siku za kazi mbili tatu, na wale ambao akaunti zao ziko kwenye benki inayotumiwa na kaunti huonja kwanza. Ukisikia mwenzako wa benki hiyo amepata asubuhi, wewe wa benki nyingine jipange kwa jioni au kesho yake, na kama ni Ijumaa, jipange kwa Jumatatu.

Wakati huo sisi tulikuwa hatua ya pili: mgao umeingia, ombi linaandikwa.

Lakini tarehe bila kiasi ni nusu ya habari. Nina mkopo benki, Sh14,500 kwa mwezi, na benki inajikatia yenyewe mshahara ukigusa akaunti. Ya Julai ilikosa, kwa hiyo ilikuwa inanisubiri pamoja na faini, na mwisho wa Agosti ingekuja kuchukua nyingine. Mshahara mmoja, makato mawili. Mtu akiahidi mwenye nyumba kodi nzima bila kupiga hesabu hiyo, siku ya siku anakuta benki imemtangulia.

Kwa hiyo kabla ya kusema lolote nilimuuliza Mama jambo ambalo, nikiri, miaka minne sikuwahi kulifikiria: yeye tarehe 5 anadaiwa nini? Nilidhani kodi zetu anaziweka tu. Akaniambia kuna bili ya maji ya ploti nzima na mshahara wa kijana anayelinda usiku, hivyo viwili haviwezi kungoja. Vingine vinaweza. Mke wangu anashona, alikuwa na pesa kidogo za sare za shule. Tukatoa Sh5,000 jioni ile ile. Hazikuwa nusu ya kodi, lakini ziliziba pale panapomuuma.

Usiku nikamwandikia ujumbe. Nimemwona kwa macho dakika kumi zilizopita, ndiyo, lakini nilitaka maneno yakae kwenye simu yake, asije akaambiwa na mtu kwamba nilisema vingine. Nauweka hapa kama ulivyokuwa:

"Shikamoo Mama. Kodi ya Agosti ni 13,000. Leo tarehe 6 nimekupa 5,000, imebaki 8,000. Mshahara wa Julai haujaingia kwa wafanyakazi wote wa kaunti. Ile hati niliyokuonyesha ni hesabu tu, pesa hazijatumwa, naomba radhi kwa kukuchanganya. Tarehe 16 nitakuja kukupa habari ya mahali pesa zilipofika, hata kama hazijafika popote. Nategemea kukumalizia tarehe 23. Nikiona haitawezekana nitakwambia kabla ya siku hiyo, si baada."

Tarehe mbili, basi: moja ya habari, moja ya pesa. Ile ya habari iko mikononi mwangu na siwezi kuikosa. Ile ya pesa iko mikononi mwa watu nisiowajua, ndiyo maana niliandika "nategemea", na nikaisogeza mbele. Mwenzetu wa chama alikuwa amekisia tarehe 19. Nikaongeza siku nne za ofisi kuchelewa, kwa sababu mwenye nyumba hukasirika ukivuka tarehe, hakasiriki ukiiwahi.

Tarehe 16 nikabisha mlango wake. Nikamwambia ombi limepelekwa, bado halijaidhinishwa. Maneno kumi. Akaitikia, akanikaribisha chai, tukaongea mambo ya mbuzi wake. Nadhani kubisha kule kulisaidia kuliko ujumbe wote, maana mwenye deni kwa kawaida huonekana mgongo.

Tarehe 21 habari mbaya ikaja. Ombi lilikuwa limerudishwa kaunti kurekebishwa kiambatisho fulani, kikaratasi ambacho ofisi yetu wenyewe ilikisahau. Wiki nzima imekwenda kwa uzembe wa mtu mmoja. Nilijisikia kukaa kimya mpaka tarehe 23 ipite nione kama muujiza utatokea. Sikukaa. Nikamwendea siku hiyo hiyo: "Mama, ile tarehe 23 imevunjika, karatasi zimerudishwa. Naiweka 28." Alinuna kidogo. Akasema, "Bora umeniambia, nilikuwa nimemuahidi fundi wa paa." Akampigia fundi simu nikiwa nimesimama mlangoni, akamsogeza wiki moja. Hilo tu lingetosha kunionyesha kwa nini anayechelewa kusema anakosa zaidi ya anayechelewa kulipa.

Pesa ziliingia tarehe 26, saa kumi jioni, nikiwa nimevaa glavu mbele ya darubini. Simu ikalia mara mbili: ya kwanza Sh41,300 zimeingia, ya pili benki imejikatia mkopo wa Julai na faini yake. Nikavua glavu, nikatoka nje, nikamtumia Mama Sh8,000 kwa M-Pesa pamoja na ada ya kutolea, kabla ya kununua hata unga. Sikuziacha kwenye akaunti zilale, maana mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na benki haiombi ruhusa.

Jioni nilipofika alikuwa barazani na kitabu chake cha risiti. Akaniandikia ya Agosti, nzima. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, ambako huandika mambo yake ya wapangaji, akaniuliza Julai ijayo itakuwa vile vile. Nikamwambia yaelekea. Akaandika namba ya nyumba yangu na mbele yake: "Agosti, mwisho wa mwezi. Nusu ya kwanza tarehe 5." Akanigeuzia kitabu nitie sahihi.