Mchele unaunusa kwa pua, sawa, ila meno je?

Jumamosi nilikuwa Igurusi kwenye mashine nasubiri mzigo wangu, akaja dogo mmoja mgeni kwenye hii biashara, kaingiza mkono kwenye gunia lililofunguliwa mdomo, kanusa, katabasamu, kasema huu wenyewe huu, Kyela kabisa, kalipa gunia tatu. Hajatafuna hata punje moja. Nikataka kusema kitu nikanyamaza maana pale ni mashineni kwa watu, lakini usiku sikulala vizuri, ndo naandika hivi. Wadogo zangu, mnaniumiza jamani, na mnaniumiza kwa sababu hayo yote nimeyafanya mimi.

1. Gunia lina juu, katikati na chini. Omba bambo, kile kichuma cha kuchomea gunia, choma ubavuni na karibu na kitako, na anayekukatalia bambo muage kwa heshima uende gunia la jirani.

2. Umri wa mchele. Hapa nikae kidogo maana ndo paliponitoa machozi.

Mchele una umri mara mbili. Kuna umri tangu mpunga uvunwe, afu kuna umri tangu ukobolewe, na wengi mnauliza tu "mpya huu?" muuzaji anajibu "mpya bosi", na wala hajadanganya, maana umekobolewa jana ila mpunga wenyewe ni wa msimu uliopita. Huo kwa kupika ni mchele mzuri sana, punje imeshakomaa stoo ikiwa na ganda lake, inakunywa maji mengi, inavimba, inachambuka. Sasa ule uliovunwa juzi ukakobolewa jana ndo unanukia mpaka barabarani, ila punje yake bado changa, ukiuwekea maji uliyoyazoea inatoa uji wake mapema na kushikana.

Mimi hiyo sikuijua. Ilikuwa mwezi wa sita, mpunga wa Usangu unamiminika, bei imeshuka, nina miezi minne tu kwenye biashara na najiona mjanja. Kuna mama mmoja hapa Mbeya anapika kwenye masherehe, akaniagiza kilo 100 za pilau ya sendofu. Nikaenda mashineni, nikafanya vile nilivyofundishwa: shika konzi moja, funga ngumi, pulizia pumzi ya moto katikati ya vidole, fungua, nusa. Mwe! Harufu ilinipanda mpaka kichwani. Nikatupia punje mbili mdomoni kwa mazoea tu, na nakumbuka kabisa, hazikulia. Punje iliyokauka ukiing'ata na meno ya mbele inavunjika "ka!" kama kijiti, hizi zilinywea, zikaacha unga unga kwenye ulimi. Nikasikia, nikapuuza, pua ilikuwa imeshaamua. Hata mkono ulipozama katikati ya gunia nilihisi kajoto fulani hivi, nikajiambia ni joto la mashine.

Siku ya sherehe, saa sita na nusu mchana, simu ikaita. "Mwanangu, njoo uone ulichoniletea." Nikafikiri utani. Nimefika nyuma ya ukumbi nikakuta sufuria mbili kubwa zimefunuliwa, pilau imekaa kama ugali wa kahawia, nyama zimezama humo zinachungulia, mwiko umesimama wenyewe. Mama hakunigombeza, angenigombeza ningepata nafuu. Alinyoosha mkono tu akasema "kula". Nikala nimesimama, mbele ya wasaidizi wake wanne. Yule mama alikuwa amepima maji kama siku zote, vikombe viwili kwa kimoja cha mchele, kwa sababu siku zote mchele wake ulikuwa wa mpunga uliokaa. Mchele wangu ulihitaji kama kimoja na nusu, na kwa ukweli haukufaa kabisa pilau ya sufuria kubwa. Ungefaa wali wa nazi wa nyumbani, watu watano, mpishi anaujua. Nikakimbia SIDO Mwanjelwa kununua kilo 40 za bei ya rejareja kwa hela yangu, zikapikwa upya, wageni wakala saa kumi. Kilo zilizobaki kwenye magunia nilizirudisha kwangu, na baada ya wiki tatu katikati pakaanza kunuka uvundo na punje kugeuka njano, ndo nikaelewa kale kajoto. Mpunga ulikobolewa haujakauka.

Kwa hiyo: meno kwanza, pua baadae. Na kila mzigo mpya pika kikombe kimoja nyumbani kabla hujampelekea mteja, afu mwambie maji yake.

3. Harufu. Inapungua kadiri mchele unavyokaa baada ya kukobolewa, kwa hiyo harufu kali inakuambia zaidi kuhusu ukoboaji wa karibuni kuliko kuhusu Kyela. Mbegu ya Saro inanukia kidogo tu, lakini mtu akiichanganya na mbegu ya Supa kidogo pua yako inasema ndio. Mwaga konzi kwenye kitambaa cheusi uangalie: kama punje nyingine ndefu nyembamba na nyingine nene fupi, hizo ni ndugu wa baba tofauti, na sufuriani zitaiva kwa saa tofauti. Vumbi linaloganda mkononi likiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, huo umekobolewa siku nyingi, fukusi wako njiani kama hawajafika.

4. Chenga na bei. "Namba moja" ni maneno ya muuzaji, wewe beba kamzani kadogo. Pima robo kilo, mwaga kwenye sinia, tenga punje nzima huku na chenga kule (mimi naita chenga yoyote iliyopungua robo tatu ya urefu wa punje). Mwezi uliopita nilikuwa na gunia mbili mbele yangu, moja 2,200 kwa kilo, nyingine 2,000. Ile ya 2,000 robo kilo ilitoa gramu 75 za chenga, yani 30 kwenye kila kilo 100. Ile nyingine ilikuwa na 5.

Sasa hesabu. Gunia la bei rahisi ni 200,000, ukichekecha unauza chenga kilo 30 kwa wapika vitumbua na wafuga kuku kwa 1,200, inarudi 36,000. Zimebaki 164,000 kwa kilo 70, ambayo ni kama 2,340 kwa kilo ya mchele mzima. La 220,000 unauza chenga za 6,000, inabaki 214,000 kwa kilo 95, kama 2,250. Na bado hujamlipa mama wa ungo. Ila kama mteja wako ni wa vitumbua basi usinisikilize, chukua chenga tupu uende zako.

Chenga zikiwa nyingi muulize pia mpunga ulianikwaje, maana uliopigwa jua kali ukaukie haraka, au ulionyeshewa ukiwa umeshakauka, unapata nyufa ndani na kwenye mashine unakatika tu, na gunia zote za mkulima huyo zitakuwa hivyo hivyo.

Yule mama wa sendofu bado ni mteja wangu, ndaga kwake. Ila tangu siku ile akija dukani anakuja na kisufuria chake kidogo na kibiriti, anapika hapo hapo nje kwenye jiko langu la mkaa, mkaa wangu, na mpaka leo huwa ananipa mimi kijiko cha kwanza.