Pilipili manga iliyopigwa mionzi

"Je, inabaki na mionzi? Na kiasi cha kuulia vijidudu hupangwaje?"

Dada, haibaki nayo hata kidogo. Miale ya gama ya kobalti-60 hupita ndani ya gunia, lakini nguvu yake ni ndogo mno kubadili viini vya atomi za pilipili, na kobalti yenyewe imefungwa ndani ya chuma, haigusi bidhaa. Ni kweli kwamba kemikali chache za pilipili hubadilika, ila hayo si mionzi.

Kiasi cha mionzi, kinachopimwa kwa kilogrei, hupangwa kuanzia kwenye wingi wa vijidudu. Tuseme gramu moja ina spora sugu, yaani vijidudu vilivyolala ndani ya ganda gumu, 1,000,000, na kila kilogrei 2 huacha moja tu kati ya kumi: kwa kilogrei 10 zitabaki 10. Kwa hiyo pilipili hiyo bado ina vijidudu vichache vilivyo hai, na ikilowa ghalani kwako spora hizo huamka na kuzaana. Marekani huruhusu hadi kilogrei 30 kwa viungo vikavu. Binafsi nisingependa kufika huko bila kuonja kwanza, maana wafanyabiashara wenzetu bado wanabishana kama mionzi huharibu harufu.