Riba ya siku na riba ya mwezi

"Nimekopa laki moja ya mashini ya mashua, asilimia 18 kwa mwaka, bado nalipa riba tupu. Mbona Januari 1,540, Februari 1,390?"

Ndugu yangu, riba yako yahesabiwa kwa siku, na Januari ina siku 31, Februari 28. Riba ya mwezi ingesoma 1,500 daima.

Tazama zile shilingi za mwisho. Laki mara 0.18, gawa kwa 365, zidisha kwa 31: yatoka 1,529. Wewe umeandikiwa 1,540, maana riba ya leo yaingia kwenye deni, kesho nayo yatozwa riba. Hizo 11 ndizo riba juu ya riba.

Kwa mwaka utazidi riba ya mwezi kwa 130 hivi. Mimi hapa Lamu faini ya kuchelewa ndiyo iliyonila.