Andikisheni jina kwa sikio kabla ya kulipia bango

"Nafungua duka la vitenge Goma, jina Chaguo Kivu. chaguokivu.com ina mwenyewe. Fundi ananiambia nichukue chaguo-kivu.com, Instagram niweke chaguo_kivu_official, na Facebook tuandike Tchaguo Kivu ili watu wasome vizuri. Ni sawa? Na logo nitie rangi gani?"

Usimlipe huyo fundi! Ushauri huo huo tuliuziwa hapa Bukavu kwa duka la viatu la dada yangu, na bado nina hasira.

Hatari kubwa iko kwenye hiyo "Tch". Huku kwetu shule imetufundisha kusoma "ch" Kifaransa, yaani kama "sh", kwa hiyo anayesikia jina redioni ataandika Ch, mwingine Tch, mwingine Tsh. Fundi wetu alitia "ch" kwenye tovuti na "tch" kwenye Facebook. Mwizi akafungua ukurasa wa tatu wenye "tsh", akabandika picha zetu za viatu, akaomba malipo ya kwanza kwa simu. Watu walituma, kisha wakaja dukani kudai viatu. Hawakuwa wajinga: tulishawazoeza kuona jina letu limeandikwa namna mbili, ya tatu ingewashtua kwa nini? Tuliporipoti, karatasi yetu ya kusajili biashara, RCCM, ilikuwa na "ch" na ukurasa wetu una "tch". Hati yetu wenyewe haikututetea. Fundi alisema eti wateja wangezoea. Wamezoea nini, kuibiwa?

Kwa hiyo fanya hivi: mpigie simu mtu asiyelijua jina, ulitamke mara moja, akutumie alivyoandika. Rudia kwa watu kadhaa, wakiwemo wazee na vijana. Wakitawanyika, badilisha jina sasa, kabla ya RCCM na bango. Wakikubaliana, maandishi hayo ndiyo yaende kila mahali, herufi kwa herufi.

Kistari nacho kiache. Domeni inakubali kistari lakini haikubali mstari wa chini. Instagram inakubali mstari wa chini na nukta, kistari inakikataa. Maana yake chaguo-kivu haiwezi kufanana pande zote hata ukitaka. Tumia herufi tupu zilizoungana, zisizozidi 15, kwa sababu X haipokei zaidi ya hapo. Hiyo "official" yeyote anaweza kuibandika, mwizi wa kwanza.

Fungua chaguokivu.com uone kuna nini. Ikiwa ni muuza nguo, achana na jina hilo, maana kila atakayesahau kistari utakuwa umempelekea yeye. Ikiwa ni tupu, chaguokivu.cd ni bora kuliko kistari. Jina utakalobaki nalo likiwa na "ch", nunua pia domeni ya maandishi ya Tch na ielekezwe kwenye ya kweli, kisha shika akaunti zake kwenye Facebook na Instagram hata kama hutaziandikia chochote. Domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi.