Nani Anatembea, Mimi au Mvua?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha barua na ripoti za Kiingereza zinazoandikwa katika ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, na kosa moja limenizoesha kulitarajia kila ninapofungua ukurasa mpya. Mwandishi anataka kusema, «Nikitembea katika Barabara ya Digo, mvua ilianza», na kwa Kiswahili sentensi hiyo haina dosari yoyote. Anapoihamishia kwenye Kiingereza, kitenzi chake hupata mwisho wa -ing na kupoteza ile «ni-» iliyokuwa ikimtaja anayetembea. Kitenzi kimebaki bila mwenyewe, na kanuni ya Kiingereza ni kwamba kitenzi cha namna hiyo kinapotangulia sentensi, mtendaji wake ni kiima cha sentensi kuu inayofuata. Kiima hapo ni mvua. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sarufi, mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea.

Ushauri wangu kwa anayezaliwa na kulelewa katika Kiswahili ni kwamba atumie ngeli zake kama kipimo. Chukua sentensi ya Kiingereza unayoitilia shaka, tafuta kiima cha sentensi kuu, kisha ukirudishe kile kitenzi cha mwanzo katika Kiswahili kwa kukipa kiambishi cha kiima hicho, si cha mtu uliyemkusudia. Mvua iko katika ngeli ya I-ZI, hivyo utapata «Ikitembea barabarani, mvua ilianza», na sikio litakataa papo hapo.

Tuchukue mfano wa bandarini. Karani mmoja aliandika kwa Kiingereza sentensi ambayo maana aliyoikusudia ni hii: «Yakiwa yameshapakuliwa kutoka melini, karani alikagua makontena.» Kiswahili kinaeleweka kwa sababu «ya-» inayarukia makontena hata kama yametajwa mwishoni. Kiingereza hakina mruko huo. Kiima cha sentensi kuu ni karani, na kipimo chetu kinatoa «Akiwa ameshapakuliwa kutoka melini, karani alikagua makontena», yaani winchi ilimshusha karani pamoja na shehena.

Tiba ziko mbili, nawe utachagua kati yake kwa kuangalia ni nani anayezungumziwa katika aya nzima. Ikiwa aya inahusu makontena, basi makontena yawe kiima: yakiwa yameshapakuliwa, yalikaguliwa na karani. Ikiwa inahusu kazi ya karani, mwache alipo na uupe ule mwanzo kiunganishi na kiima chake: baada ya makontena kupakuliwa, karani aliyakagua. Mimi huielekea zaidi tiba ya pili, kwa kuwa ya kwanza hulazimisha kauli ya kutendwa, na ripoti za forodha tayari zimejaa kauli hiyo kupita kiasi.

Mtego unaowanasa hata waandishi makini, na ambao watunga mitihani wanaupenda sana, ni ule wa umilikaji. Mtu anaandika sentensi yenye maana ya «Nikitembea barabarani, viatu vyangu vilirowa», anaona neno la «vyangu» na kuamini kwamba ameshajitaja. Hajajitaja, kwa sababu kiima ni viatu, na kipimo kinasema «Vikitembea barabarani, viatu vyangu vilirowa». Katika maswali ya kuchagua jibu, kabla ya kusoma kingine chochote, tazama nomino ya kwanza baada ya mkato, na usikubali neno la kumiliki lililoambatana nayo likupumbaze.

Kiswahili nacho hakijasalimika kabisa, maana kitenzi-jina hakibebi kiambishi cha mtendaji. «Baada ya kufika Likoni, feri iliondoka» inamwacha msomaji akijiuliza kama ni feri iliyofika au ni abiria. Andika «Nilipofika Likoni, feri iliondoka», na swali linakwisha.

Kuna miundo ya Kiingereza isiyopaswa kuguswa. Maneno yenye maana ya «kuhusu» au «kwa kuzingatia» yana umbo la -ing, lakini yamekwisha kuzoeleka kama vihusishi na hayadai mtendaji. Vilevile kitenzi kilichopewa kiima chake humo humo mwanzoni, kwa maana ya «mvua ikiwa imeanza, tulirudi ofisini», kiko sahihi.

Kipimo hiki hunyamaza pale watu wawili wanapokutana katika ngeli moja. «Akiwa amechelewa, karani alimkemea dereva» inapita bila sikio kushtuka, kwa kuwa «a-» inawafaa wote wawili, ilhali sarufi ya Kiingereza itamhesabu karani kuwa ndiye aliyechelewa. Hapo hakuna kiambishi cha kukuokoa, mtaje mchelewaji kwa jina la kazi yake: «Kwa kuwa dereva alikuwa amechelewa, karani alimkemea.»