Mkataba wa duka una tarehe tatu, usikubali kupewa moja

Mikataba mingi ya maduka ninayoiona hapa Malindi imeandikwa kana kwamba tarehe ni moja tu: siku ya kuingia. Ukweli ni kwamba ziko tatu, na kila moja ina kazi yake. Kuna siku mkataba unapoanza, yaani siku mpangaji anapokabidhiwa ufunguo na kuanza kubeba majukumu. Kuna siku kodi inapoanza kulipwa, ambayo aghalabu huja baadaye kwa sababu mpangaji amepewa miezi ya bure ya kutengeneza duka. Halafu kuna siku ya mwisho. Mimi hutunza hesabu za kodi za majengo kadhaa mjini, na ugomvi mwingi unaofika mezani kwangu hautoki kwenye kiasi cha kodi. Hutoka kwa mtu aliyechukua tarehe ya pili akaiandika mahali pa ile ya kwanza.

Nitaeleza kisa kimoja cha duka la Barabara ya Lamu. Mwenye jengo na mpangaji walikubaliana miaka mitano na miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hadi 31 Machi 2028. Kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi mitatu mitatu, mbele. Miezi mitatu ya kwanza ni bure, kwa hiyo kodi inaanza 1 Aprili 2023. Kila baada ya miaka miwili tangu mkataba kuanza, nyongeza ya asilimia 10.

Ile miezi mitatu inayozidi miaka mitano haikuwekwa kwa bahati. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mkataba usioandikwa, au ulioandikwa lakini hauzidi miaka mitano, unaingia chini ya ulinzi huo. Mwenye jengo hawezi kumtoa mpangaji wala kupandisha kodi kwa kufuata karatasi peke yake. Ni lazima atoe notisi ya kisheria ya miezi miwili au zaidi, na kama anamtoa awe na sababu zinazotambuliwa na sheria. Mpangaji akikataa, anaipeleka kwenye baraza linaloamua kesi za kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana wenye majengo wengi hupenda mkataba upite miaka mitano, hata kwa mwezi mmoja. (Kuwa mrefu peke yake hakutoshi: ukiwa na kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka mitano bila mtu kukosa, ulinzi unarudi palepale.)

Sasa angalia kilichotokea. Karani aliyepiga chapa aliona 1 Aprili kwenye kifungu cha kodi, akaiandika kuwa siku ya kuanza mkataba. Siku ya mwisho akaiacha vilevile, 31 Machi 2028. Ukihesabu, unapata miaka mitano kamili bila siku ya ziada. Mkataba uliokusudiwa kuwa nje ya Sura ya 301 ukaingia ndani, na hakuna aliyegundua kwa sababu kodi yenyewe iliendelea kulipwa kwa wakati. Mpangaji naye alikaa Januari hadi Machi akibomoa na kupaka rangi bila mkataba unaomhusu. Bomba lingepasuka miezi hiyo, sijui nani angemdai nani.

Nyongeza nazo zikahama. Kwa makubaliano ya awali, kodi ilipaswa kufika 44,000 tarehe 1 Januari 2025 na 48,400 tarehe 1 Januari 2027. Kwa tarehe ya karani zikasogea hadi Aprili ya miaka hiyohiyo. Mwenye jengo anapoteza 4,000 kwa miezi mitatu, kisha 4,400 kwa miezi mitatu: jumla 25,200. Si pesa za kumfilisi mtu, lakini zinatosha kuvunja salamu.

Kubaya zaidi kulibaki kwenye kifungu cha miezi ya bure. Kilisema “miezi mitatu tangu siku ya kuanza mkataba”, bila kutaja tarehe. Mkataba ukianza Aprili, kodi inaanza Julai. Mpangaji, dada mmoja mwuza vitambaa, alimsomea mwenye jengo kifungu hicho kwa adabu zote: “Mzee, mimi sisemi sikulipi. Nasoma tu ulichotia sahihi.” Kodi ya miezi mitatu ni 120,000, na karatasi ilikuwa upande wake.

Unatambuaje kosa la aina hii mapema? Hesabu malipo. Miezi 63 ni vipindi 21 vya miezi mitatu. Toa kimoja cha bure, yanabaki malipo 20, la kwanza 1 Aprili 2023 na la mwisho 1 Januari 2028. Ratiba ikikupa 19 au 21, kuna tarehe imekaa vibaya. Lakini usiiamini hesabu hiyo peke yake. Karani angeisogeza na siku ya mwisho pia hadi 30 Juni 2028, ungepata malipo 20 vilevile, ratiba nzima ikiwa imechelewa miezi mitatu. Hapo kinachokuokoa ni karatasi ya kukabidhi ufunguo, yenye tarehe na sahihi mbili. Ilinganishe na ukurasa wa kwanza wa mkataba kabla hujatia sahihi.

Mimi hutumia Excel. Siku ya kuanza mkataba naiweka B1, miezi ya mkataba B2, miezi ya bure B3:

```
=EDATE(B1,B3)
=EDATE(B1,B2)-1
=EDATE(B1,24)
```

Seli zikiwa kwenye mpangilio wa tarehe, mstari wa kwanza unatoa siku ya kuanza kodi, wa pili siku ya mwisho, wa tatu nyongeza ya kwanza. Ile -1 usiisahau. Bila hiyo utapata 1 Aprili 2028, na mpangaji mpya akiandikiwa kuingia siku hiyo, duka litakuwa na watu wawili wenye haki sawa. Kagua pia mpangilio wa tarehe wa kompyuta: ukiwa wa Kimarekani, 01/04/2023 inasomwa kuwa 4 Januari. Ndiyo maana mwezi nauandika kwa jina.

Na jambo letu la huku pwani: “kodi ianze baada ya Idi.” Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na husubiri mwezi kuandama. Kwa mazungumzo ya barazani haina neno, ila kwenye mkataba andika siku, mwezi na mwaka.

Kosa likishaingia, usifute kwa kalamu. Lile la Barabara ya Lamu lilirekebishwa kwa hati ya mabadiliko iliyotaja tarehe zote tatu, nyongeza mbili kwa siku na kiasi, na kusema wazi kwamba Januari hadi Machi 2023 ilikuwa ndani ya mkataba. Pande zote zilitia sahihi mbele ya wakili. Kama mkataba ulishasajiliwa, hati hiyo nayo inasajiliwa. Yule dada alikubali, ila kwa sharti moja: gharama ya wakili ilipwe na mwenye jengo, kwa kuwa karani aliletwa na yeye. Ililipwa.