Hisa ya shilingi 1,200: ghali au rahisi?

"Nauza dagaa Kirumba, hisa ndiyo naanza. Bei 1,200, faida kwa hisa 100, gawio 80. Ni ghali?"

Dada, gawanya bei kwa faida ya hisa moja: 1,200 kwa 100 ni 12. Yaani unalipia faida ya miaka 12, kama haitabadilika. Gawio nalo, 100 kwa 80, limefunikwa na faida mara 1.25. Hapo haionekani ghali.

Ila fungua taarifa ya mapato, usome mstari wa mapato mengineyo. Mimi niliwahi kuuruka, nikaumia. Tuseme kampuni iliuza kiwanja, na 40 kati ya zile 100 zimetoka huko. Ni sawa na mwenye mtumbwi pale mwaloni kuuza injini, kisha kuhesabu hela hiyo kama ya samaki. Mwakani atauza nini? Faida ya kazi yenyewe ni 60. Sasa bei ni mara 20, na gawio limefunikwa mara 0.75 tu, kwa hiyo sehemu yake inatoka kwenye hela ya kiwanja. Mwakani huenda likapunguzwa.

Hiyo 20 ilinganishe na kampuni za sekta ileile pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Benki usiipime kwa kiwanda cha saruji.